Milioni Tano na Ushee Zilizopungua Njiani: Barua ya Wazi kwa Mameneja wa Benki Mkoani Singida

Kwa: Mameneja wa matawi ya benki, Singida Mjini, Manyoni, Itigi na Kiomboi
Nakala: Benki Kuu ya Tanzania

YAH: TOFAUTI KATI YA FEDHA ILIYOANDIKWA KWENYE ANKARA NA FEDHA ILIYOINGIA KWENYE AKAUNTI

Ndugu Mameneja,

Kuna swali ambalo kila mweka hazina wa chama kinachouza nje ya nchi amewahi kulifikisha kaunta, na jibu lake huwa moja. Ankara inasema dola elfu kumi na sita. Daftari la chama linasema hizo ni milioni arobaini na tatu. Akaunti inasema thelathini na saba na nusu. Zilizobaki ziko wapi? Kijana wa kaunta anatazama kompyuta, anainua uso, anasema, "Mama, dola imeshuka."

Jibu hilo ni la kweli. Ndiyo maana linaudhi. Ni kweli kwa sehemu kubwa ya tofauti, na kwa ukubwa wake linaifunika sehemu ndogo ambayo chama kina haki ya kuihoji. Mweka hazina anaondoka akiwa hajui kwamba ameuliza swali moja kuhusu mambo matatu, na kwamba amejibiwa moja tu.

Barua hii inayatenganisha mambo hayo matatu kwa hesabu. Haimtuhumu mtu wala tawi lolote. Inachukua chama cha mfano cha wafugaji nyuki wa wilaya ya Manyoni, kwenye vichaka vya Itigi, ambacho kimeuza nta tani mbili kwa mnunuzi wa Ujerumani. Chama na ankara yake vimebuniwa kwa ajili ya hesabu, na viwango vimewekwa katika namba za mviringo ili msomaji aweze kuvifuata kwa kalamu. Mwendo wa shilingi unaotumika hapa haukubuniwa. Ni ule wa mwisho wa mwaka 2024, ambao kila aliyekuwa na dola mkononi anaukumbuka.

Mwanzoni mwa Oktoba 2024 dola moja ilikuwa jirani na shilingi 2,700. Kwa muda mrefu kabla ya hapo shilingi ilikuwa ikirudi nyuma: mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa kwenye 2,300 na kitu, na watu walikuwa wamezoea kwamba kesho dola itakuwa ghali kuliko leo. Kisha mambo yakageuka ghafla. Kufikia katikati ya Desemba dola ilikuwa imeporomoka hadi jirani na 2,400. Aliyekuwa akidai dola na matumizi yake ni ya shilingi alipoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mapato yake, bila mzigo wake kupungua hata kilo moja.

Chama chetu kiliandika ankara katika wiki hiyo ya mwanzo wa Oktoba. Kilo 2,000 kwa dola 8 kila kilo, jumla dola 16,000. Mweka hazina akafanya kile ambacho mtu yeyote angefanya: akazidisha kwa kiwango cha siku ile, 2,700, akaandika daftarini shilingi 43,200,000 kuwa deni la mnunuzi. Nta ikachukua muda njiani. Ilipakiwa, ikapita barabarani hadi bandari ya Dar es Salaam, ikapanda meli, hati zikafuata, mnunuzi akapokea, akapima, akaidhinisha malipo. Miezi miwili na siku kadhaa si uzembe wa mtu yeyote katika biashara ya namna hii. Ndio urefu wake.

Fedha ziliingia katikati ya Desemba. Akaunti ya chama ni ya shilingi, kwa hiyo benki ilibadilisha dola zenyewe kabla ya kuziingiza. Kwenye taarifa ya akaunti ukatokea mstari mmoja: shilingi 37,537,920. Hapakuwa na neno la kiwango wala la makato.

Tofauti na daftari ni shilingi 5,662,080.

Hapo ndipo ugomvi huanza, na mara nyingi huanza vibaya, kwa sababu mweka hazina anaidai benki tofauti yote. Tuichambue basi, kipande kimoja kimoja, tukianzia kile kikubwa.

Kipande cha kwanza ni cha muda. Dola 16,000 kwa 2,700 ni milioni 43.2, na dola zilezile kwa 2,400 ni milioni 38.4. Tofauti ni shilingi 4,800,000. Fedha hizi hazikuchukuliwa na mtu. Zilikuwapo kwenye daftari tu, kwa sababu mweka hazina aliandika shilingi ambazo hakuna aliyemwahidi. Mnunuzi aliahidi dola.

Sheria ya biashara inalo jambo la kusema hapa, na kisa chake kinachojulikana sana kinafanana mno na cha Manyoni. Mwaka 1971 muuzaji nyuzi wa Uswisi, Miliangos, aliiuzia kampuni ya Kiingereza nyuzi za poliesta na kuandika ankara kwa faranga za Uswisi. Kampuni haikulipa. Kesi ilipokuwa ikisogea, pauni ya Uingereza iliporomoka, na deni ambalo siku ya kulipwa lilikuwa sawa na takriban pauni 42,000 likawa limezidi pauni 60,000. Kwa karne kadhaa mahakama za Uingereza zilikuwa zikitoa hukumu kwa pauni peke yake. Mwaka 1975 mahakama ya juu ya nchi hiyo ilikata shauri kwamba muuzaji aliyekubaliana faranga anastahili faranga, si pauni za siku ile ya zamani.

Miliangos aliokolewa kwa sababu sarafu ya ankara yake ilipanda. Kanuni ileile inakibana chama cha Manyoni, kwa sababu sarafu ya ankara yake ilishuka. Mnunuzi aliyelipa dola 16,000 amemaliza deni lake, na hata kama dola ingelala kwenye 2,000 asingedaiwa senti zaidi. Kama dola ingepanda hadi 3,000, chama kisingemrudishia kitu pia. Basi milioni 4.8 hizi haziombwi kwa benki wala kwa mnunuzi. Zinafutwa daftarini kama hasara ya kubadilika kwa thamani ya fedha za kigeni. Kanuni za uhasibu zinazotumika nchini zinataka hivyohivyo: mauzo yaandikwe kwa kiwango cha siku ya mauzo, na tofauti inayojitokeza siku ya malipo iende kwenye faida na hasara. Kosa ambalo wakaguzi hukutana nalo ni la kuiacha tofauti hiyo ikining'inia kwenye jina la mnunuzi, mwaka hata mwaka, kana kwamba ni mdaiwa sugu.

Katika kipande hiki kijana wa kaunta alisema kweli. Dola ilishuka.

Kipande cha pili ni kidogo kuliko vyote, nacho ndicho rahisi kukithibitisha. Mnunuzi alituma dola 16,000. Fedha za aina hii haziruki moja kwa moja kutoka benki ya Ujerumani hadi tawi la Manyoni. Dola hupita kwenye benki ya Marekani ambako benki ya Tanzania ina akaunti yake, na wakati mwingine hupita mikono miwili. Kila mkono unaweza kukata ujira. Katika mfano wetu zilikatwa dola 25 njiani, kisha benki ya Tanzania ikakata dola 15 za kupokea. Zilizobaki za kubadilishwa ni dola 15,960. Makato ya dola 40 kwa 2,400 ni shilingi 96,000.

Nani anazibeba? Jibu liko kwenye herufi tatu ambazo mlipaji alizichagua alipojaza fomu kwenye benki yake. `OUR` maana yake mlipaji anabeba gharama zote. `SHA` maana yake kila upande unabeba za kwake, na kinachokatwa njiani hutoka kwenye fedha inayosafiri. `BEN` maana yake mpokeaji anabeba zote. Asiyeelekezwa kwa kawaida huchagua `SHA`, kwa kuwa mara nyingi ndiyo iliyokwisha kuwekwa kwenye fomu.

Mweka hazina hahitaji kukisia. Kila malipo ya aina hii yana ujumbe uliotumwa baina ya benki, na mpokeaji anaweza kuomba nakala yake. Kwa miaka mingi ujumbe huo ulikuwa ukiitwa MT103, na mistari inayohusika katika malipo ya mfano wetu ingesomeka hivi:

```
:32A:241212USD15975,
:33B:USD16000,
:71A:SHA
:71F:USD25,
```

Mstari wa `33B` ni fedha aliyoagiza mlipaji. `71F` ni kilichokatwa njiani. `32A` ni tarehe ya thamani, hapa 12 Desemba 2024, pamoja na fedha iliyofika kwenye benki ya mpokeaji. `71A` unataja nani amebeba gharama. Tangu Novemba 2025 benki zimehamia kwenye muundo mpya wa ujumbe unaoitwa pacs.008, na humo majina yamebadilika: `InstdAmt` kwa fedha iliyoagizwa, `IntrBkSttlmAmt` kwa iliyofika, `ChrgsInf` kwa makato na `ChrgBr` kwa mbebaji wa gharama. Habari ni ileile. Dola 15 zilizokatwa na benki ya hapa haziko kwenye ujumbe huo, kwa kuwa zilikatwa baada ya ujumbe kufika. Hizo ni lazima benki izionyeshe yenyewe.

Kama ankara ilisema dola 16,000 kamili ziingie kwenye akaunti na gharama zote ni za mnunuzi, chama kinamwandikia mnunuzi, kinaambatisha nakala hii na kudai dola 40. Kama ankara ilikaa kimya, chama hakina cha kudai, na mwakani kinaongeza sentensi hiyo. Jambo moja la kuzingatia: hata mlipaji akichagua `OUR`, benki ya katikati huweza bado kukata kidogo. Sentensi kwenye ankara ndiyo inayompa muuzaji haki ya kurudi kwa mnunuzi, si herufi tatu peke yake.

Sasa kipande cha tatu, ambacho ndicho kilichoifanya barua hii iandikwe kwenu na si kwa mwingine.

Dola 15,960 zingebadilishwa kwa 2,400 zingekuwa shilingi 38,304,000. Akaunti ilipokea 37,537,920. Ukigawanya fedha iliyoingia kwa dola zilizobadilishwa unapata 2,352. Hicho ndicho kiwango kilichotumika, na mweka hazina amelazimika kukitafuta kwa kugawanya kwa sababu hakuna aliyekiandika. Pengo ni shilingi 48 kwa kila dola, ambazo jumla yake ni shilingi 766,080.

Haki itendeke kwa benki kabla ya kuihoji. Ile 2,400 ni kiwango cha kati, yaani katikati ya bei ya kununua na bei ya kuuza sokoni. Hakuna mteja wa kawaida anayeuza dola zake kwa bei hiyo, kama vile mkulima wa vitunguu wa Singida asivyotazamia dalali ampe bei ya sokoni Kariakoo. Benki inanunua chini kidogo na kuuza juu kidogo, na hapo katikati ndipo inapokula. Tangu soko la fedha za kigeni baina ya mabenki lilipoanzishwa mwaka 1994, bei hizi zinapangwa na wanunuzi na wauzaji wenyewe. Kwa hiyo chama kikisema benki ilipaswa kutoa 2,400, benki itashinda hoja hiyo, na itashinda kihalali.

Hoja yenye nguvu ni nyingine. Asubuhi ya siku ile ubao wa viwango pale tawini ulisema benki inanunua dola kwa shilingi 2,376. Huo ndio mwaliko ambao benki iliutoa kwa kila aliyepita mlangoni. Mtu angekuja na noti za dola mfukoni angepewa 2,376. Chama ambacho fedha yake ilikuja kwa waya, ikiwa nyingi kuliko ya mfukoni, kikabadilishiwa kwa 2,352 bila kuulizwa. Tofauti ya shilingi 24 kwa dola 15,960 ni shilingi 383,040. Kati ya milioni tano na ushee zilizoleta zogo, hizi laki tatu na themanini ndizo zinazostahili kuandikiwa barua benki. Ni sehemu ndogo, lakini zingelipia usafiri wa mzigo mwingine kutoka porini hadi Manyoni mjini.

Mara nyingine kuna sababu. Ubao ni wa noti, na fedha ya waya ina kiwango chake. Kiwango cha mfumo hubadilika mchana wakati ubao bado ni wa asubuhi. Au mteja mkubwa amepiga simu makao makuu akajadiliana bei yake, na mfumo ukaacha wale ambao hawakupiga simu kwenye bei ya chini kabisa. Yote hayo yanaelezeka. Tatizo ni kwamba hayaelezwi, na asiyeelezwa hajui hata kwamba kujadiliana kulikuwapo. Maofisa wengi wa benki wanajua, na wateja wachache wanajua, kwamba kwa fedha ya kiasi hiki mpokeaji akiomba bei kabla ya kubadilishiwa mara nyingi hupewa bei nzuri zaidi. Mweka hazina wa Manyoni hakuomba kwa sababu aliona fedha ikiwa imekwisha kuwa shilingi.

Ndani ya kipande hiki cha tatu mna pia suala la siku. Nakala ya ujumbe inaonyesha fedha zilifika Alhamisi, 12 Desemba. Akaunti iliziona Jumanne, 17 Desemba. Katikati benki iliomba ankara na hati za mzigo, na ina wajibu wa kuomba, kwa sababu inapaswa kujua fedha inatoka wapi na ni ya nini. Lakini dola zilizokaa zikisubiri karatasi zilibadilishwa kwa kiwango cha siku gani, cha Alhamisi au cha Jumanne? Katika wiki zile ambazo shilingi ilikuwa ikipanda kwa kasi, kila shilingi 10 ambazo dola ilishuka baina ya siku hizo mbili ni shilingi 159,600 kwa malipo haya peke yake. Kama karatasi zilichelewa kutoka kwa chama, chama kibebe. Kama zilikuwa mezani kwa ofisa tangu Ijumaa asubuhi, mambo ni tofauti. Ndiyo maana chama chenye busara hutuma hati benki mapema, siku mnunuzi anaposema amelipa, na hudai muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.

Upo mtego mwingine ambao mfano wetu uliukwepa. Mnunuzi wa Ujerumani ana euro. Akiiambia benki yake itume dola 16,000, euro hugeuzwa dola kwao na gharama ni yake. Akiiambia itume euro zenye thamani ya dola 16,000, zinakuja euro, na hapa zinageuzwa kwa kiwango cha euro cha benki ya hapa. Mpokeaji atajua kwa kutazama herufi za sarafu kwenye mistari ya `32A` na `33B`. Akikuta `EUR` mahali alipotarajia `USD`, kilicholipwa si kile ankara ilichodai. Hapo Miliangos anasimama upande wa chama: ankara ilisema dola, na upungufu wa dola ni wa mlipaji.

Barua hii haijasahau kwamba mwaka 2025 kanuni mpya zilitolewa kuhusu matumizi ya fedha za kigeni nchini. Zilitangazwa mwishoni mwa Machi mwaka huo, wakati Waziri wa Fedha alikuwa Mwigulu Nchemba, mwana wa Iramba na mbunge wa Iramba Magharibi, na zikapiga marufuku kutangaza bei au kulipana kwa fedha za kigeni katika biashara za ndani. Baadhi ya viongozi wa vyama walizielewa vibaya, wakadhani ankara ya dola sasa ni kosa. Ankara ya mnunuzi aliyeko Hamburg si biashara ya ndani. Kanuni hizo zinakigusa chama kinachomuuzia nta msafirishaji wa Dar es Salaam: hapo bei ni ya shilingi, na misukosuko ya dola inabaki kwa msafirishaji. Vyama vingine vimeona hiyo ni nafuu, hata kwa bei ya chini kidogo, hasa vikikumbuka Desemba ile.

Na Desemba ile haikuwa ajali ya mara moja. Nusu ya pili ya mwaka ndiyo wakati fedha za watalii na za mazao ya kuuza nje zinapomiminika, na dola zikijaa sokoni bei yake hulegea. Mwaka 2025 ulifuata njia hiyohiyo: dola iliyokuwa karibu na 2,700 mnamo Mei ilikuwa chini ya 2,500 kufikia Oktoba. Anayeandika ankara katikati ya mwaka na kulipwa kuelekea mwisho wake amesimama mahali ambapo kiwango kimemgeuka miaka miwili mfululizo. Njia yake ya kupunguza pigo ni kufungua akaunti ya dola, ambayo mkazi wa Tanzania anaruhusiwa kuwa nayo, na kubadilisha kidogokidogo kadiri ya mahitaji. Akaunti hiyo haizuii dola kushuka. Inachofanya ni kumrudishia mwenye fedha uamuzi wa siku na wa bei, na kumpa nafasi ya kuuliza kabla badala ya kulalamika baadaye.

Ndugu Mameneja, kinachoombwa hapa si bei nafuu. Kinaombwa kikaratasi.

Kila fedha ya nje inapoingia kwenye akaunti ya shilingi, mteja apewe hati ya kuingizwa fedha yenye mistari minne: fedha iliyotumwa na iliyofika, kwa sarafu yake; makato, kila moja na aliyeyakata; kiwango kilichotumika, pamoja na tarehe na saa ya kukitumia; na kiwango ambacho benki ilikitangaza siku hiyo kwa fedha ya waya, si kwa noti. Habari hizo zote zimo kwenye mifumo yenu tayari. Hazihitaji mtambo mpya, zinahitaji mtu wa kubonyeza na kuchapisha. Pale fedha inapozidi kiasi mtakachokipanga wenyewe, mteja apigiwe simu kabla ya kubadilishiwa.

Jambo hili halijatoka mbinguni. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Aprili 2020, anayebadilisha fedha ya mwenye kadi kwenye mashine ya kulipia au ya kutolea pesa analazimika kumwonyesha gharama ya kubadilisha kama asilimia juu ya kiwango cha Benki Kuu ya Ulaya. Mtu anaona namba moja na anaamua. Kwetu, kanuni za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, zilizo chini ya Benki Kuu ya Tanzania, zinataka mteja aelezwe bei na tozo kwa uwazi, na zinaitaka kila taasisi iwe na utaratibu wa kupokea malalamiko. Mteja asiyeridhika na jibu la benki anaruhusiwa kulipeleka Benki Kuu.

Vyama navyo vina la kufanya, na barua hii inaviambia mbele yenu. Lalamiko linaloandikwa "benki imetuibia milioni tano" litajibiwa kwa sentensi moja kuhusu dola kushuka, na Benki Kuu ikilipokea itatoa jibu hilohilo. Lalamiko linalofaa lina kurasa mbili. Limeambatishwa ankara, nakala ya ujumbe wa malipo, taarifa ya akaunti na picha ya ubao wa viwango wa siku ile. Limeshaondoa milioni 4.8 za muda, likakiri kuwa ni hasara ya chama. Limeshaondoa dola 40 za makato, likaziacha baina ya chama na mnunuzi. Linabakiwa na maswali mawili: kwa nini 2,352 wakati ubao ulisema 2,376, na kwa nini Jumanne kama fedha na hati zilikuwapo tangu Ijumaa.

Mweka hazina wa mfano wetu amekwisha kuiandika barua ya namna hiyo. Ameiweka kwenye bahasha ya kaki pamoja na hati zake nne, na ameandika kwa mkono pembeni mwa ukurasa wa mwisho: laki tatu, themanini na tatu elfu na arobaini. Atakapofika kaunta na kijana akainua uso kusema dola imeshuka, atamjibu kwamba hilo analijua, kwamba kuna hesabu yake ukurasa wa kwanza, na kwamba sasa anaomba kumwona meneja kuhusu ukurasa wa pili.

Meneja huyo awe tayari na nakala ya ubao wa siku ile.

Wenu katika hesabu,

Mwandishi, kwa niaba ya wasomaji wauzao nje
Singida